Namba za Wateja Kwenye Kampeni za Mtandaoni: Maswali Tunayoulizwa Kigoma

Ninasimamia kurasa za Facebook na WhatsApp za maduka machache ya Kigoma mjini. Kuna la vitenge pale Mwanga, kuna fundi na muuzaji wa simu, na kuna mama mmoja wa Kibirizi anayeuza dagaa na migebuka mikavu kwa oda. Kila inapoanza kampeni ya "acha namba yako ushinde", maswali huwa yale yale, kutoka kwa wenye maduka na kutoka kwa wateja wao. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayotoa. Sheria ninayoirejea ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeisimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi si wakili. Mwenye kesi mezani amwone wakili.

Namba tupu, bila jina, nayo ni taarifa binafsi?

Ndiyo, na unaweza kujithibitishia mwenyewe kwa nusu dakika. Chukua namba yoyote, anza kuitumia pesa kwa simu, fika hatua ya mwisho kabla ya namba ya siri. Jina la mwenye laini linajitokeza, mara nyingi majina yote. Sitisha muamala, hujapoteza hata senti, na tayari unajua unaongea na nani. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo jina hilo si la utani kama yale ya Facebook. Ukiongeza picha ya WhatsApp na stetasi zake, unamjua mtu, watoto wake na msikiti au kanisa analosali.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "ni namba tu", huwa namwomba yake kwanza.

Wateja wameandika namba wenyewe kwenye komenti. Kosa langu liko wapi?

Kosa ni kwamba wewe ndiye uliyewaambia waziandike pale. Posti iliposema "andika namba yako hapa chini", ulichagua mahali pa kukusanyia, na mahali penyewe ni barazani, kila apitaye anasoma.

Mambo yanayofuata yana mpangilio wake na nimeyaona zaidi ya mara moja. Duka linatangaza droo ya vitenge vitatu vya sikukuu. Ndani ya siku mbili komenti zimejaa namba. Tapeli hahitaji ujuzi wa kompyuta. Anakaa na daftari, ananakili. Anajua mambo matatu kuhusu kila mtu kwenye orodha ile: jina lake (kwa ule ujanja wa muamala), jina la duka analoliamini, na kwamba wiki hii anasubiri simu ya ushindi. Kisha anapiga: "Hongera dada, umeshinda kitenge, mzigo uko kwa bodaboda, tuma elfu tano ya kufikishiwa." Mteja hana sababu ya kushtuka, kwa kuwa kila alichotajiwa ni kweli. Tofauti na zile meseji za "tuma kwenye namba hii", ambazo watu wengi wamezizoea na kuzipuuza, huyu amevaa nguo zako.

Utajua limetokea kwa dalili moja: wateja wanaanza kuja dukani kuulizia zawadi kabla droo haijachezeshwa. Likitokea, posti onyo siku hiyo hiyo kwenye ukurasa ule ule, sema wazi kwamba mshindi haombwi pesa yoyote, na waelekeze waliopigiwa waitume namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli.

Nikizificha komenti, inatosha?

Haitoshi. Kwenye ukurasa wa Facebook, komenti uliyoificha bado inaonekana kwa aliyeiandika na kwa marafiki zake. Kwa mji kama wetu, ambako marafiki wa mtu ni nusu ya Mwanga, hapo hujaficha kitu. Ifute. Kisha mwandikie mhusika inboksi: "Tumefuta komenti yako kwa usalama wako, jisajili kupitia fomu hii." Wengi hushukuru.

Bora zaidi ni kuzuia tangu mwanzo. Posti iseme waandike neno moja tu, tuseme NATAKA, nawe uwatumie fomu inboksi. Hata hivyo watakuwepo wa kuandika namba, maana mazoea yana tabu. Panga mtu wa kupitia komenti asubuhi, mchana na usiku kwa siku zote za kampeni.

Fomu yenyewe niiandikeje?

Sheria inataka mtu aambiwe kabla hujachukua taarifa zake: nani anakusanya, kwa kazi gani, na nani atazipata. Na ridhaa yake iwe ya hiari, ya jambo mahususi. Wengi wakisikia hivyo wananakili kurasa sita za masharti kutoka kwenye tovuti ya benki. Mteja hasomi. Mimi natumia sentensi chache juu kabisa ya fomu, na hizi hapa ndizo tulizotumia kwenye droo ya vitenge, jina la duka nimeliondoa:

"Duka letu la Mwanga, Kigoma, linaomba jina lako la kwanza na namba yako ili kumpigia mshindi wa droo ya tarehe 28. Watakaoziona ni mwenye duka na msimamizi wa ukurasa tu. Siku 7 baada ya droo tutazifuta."

Chini yake kuna nafasi ya jina, nafasi ya namba, halafu swali la peke yake:

"Je, ungependa pia kupokea ujumbe wa WhatsApp mzigo mpya ukiingia, usiozidi mara 2 kwa mwezi? Kushiriki droo hakutegemei jibu hili. Ukichoka, tuandikie neno ACHA."

Majibu ni Ndiyo au Hapana, na hakuna lililochaguliwa mapema. Hapo pana kishawishi kikubwa, kwani fomu hukuruhusu kuweka alama ya Ndiyo kabla mteja hajafika. Ukifanya hivyo umejikubalia mwenyewe kwa niaba yake.

Tazama pia nilichoacha. Hatukuomba tarehe ya kuzaliwa, wala mtaa, wala namba ya NIDA. Kumpigia mshindi hakuhitaji NIDA. Mwenye duka alitaka tarehe za kuzaliwa ili awatakie wateja heri. Nilimwambia hilo aombe siku nyingine, kwa watu watakaokuwa wamekubali kuandikiwa. Hakupendezwa sana.

Fomu za Google ni salama?

Ni salama ukiziangalia sehemu mbili. Ya kwanza iko kwenye mipangilio ya fomu, chini ya `Presentation`, imeandikwa `View results summary`. Ikiwa imewashwa, kila aliyejaza anaweza kufungua na kusoma majibu ya wenzake, namba zikiwemo. Mtu huiwasha akidhani anajionyesha mwenyewe matokeo. Hakikisha imezimwa, kisha jaza fomu kwa simu nyingine na uone kinachotokea baada ya kutuma.

Ya pili ni lile jedwali linalopokea majibu. Kijana wa duka akiomba kuliona, ni rahisi kubonyeza `Anyone with the link` na kumtumia linki WhatsApp. Tangu hapo, yeyote anayefikiwa na linki ile anafungua jedwali lote. Mwongeze kwa anwani yake ya barua pepe, na kazi ikiisha mwondoe.

Na ile fomu ya tangazo la kulipia la Facebook?

Hiyo inajijaza namba kutoka kwenye akaunti ya mtu, kwa hiyo utapata namba za zamani nyingi. Facebook wenyewe watakulazimisha uweke linki ya sera ya faragha. Usiweke linki ya ukurasa wako wa mwanzo ili tu ikubali, andika ile aya yetu ya juu kwenye waraka wa wazi na uunganishe huo. Majibu unaweza kuyapakua kwa siku 90 tu. Watu hulichukulia hili kama usumbufu, mimi nalipenda, maana linakulazimisha uamue mapema nini kinabaki.

Aliyejaza fomu ya droo si amekubali matangazo pia?

Hapana. Amekubali kupigiwa akishinda. Mtu akikupa ufunguo umchukulie mzigo wake stoo, hujapewa ruhusa ya kulala humo.

Nieleze ilivyokwenda kwenye droo ile. Waliojaza walikuwa 312. Waliojibu Ndiyo kwenye swali la pili walikuwa 174, waliobaki 138 walisema Hapana. Mwenye duka, ambaye namwita shangazi kwa heshima ya umri wake, aliona 138 ni pesa zinazotupwa. "Si wamenipa namba wenyewe? Mbona nizifute?" Nilimkumbusha kampeni ya mwaka uliotangulia, kabla sijaanza kazi kwake, ambapo namba zote za komenti ziliandikiwa matangazo kwa siku moja. Waliojibu wengi waliuliza "nani mwenzangu?", wengine wakaripoti, na WhatsApp ikaifungia namba ya duka. Namba iliyokuwa imechorwa ukutani, kwenye mifuko na kwenye risiti. Walioripoti namba yako wakiwa wengi, WhatsApp haikuulizi ulikuwa na nia gani.

Tulizifuta zile 138 siku ya saba kama tulivyoahidi. Kwenye zile 174, ndani ya miezi miwili watu 11 waliandika ACHA. Waliobaki ndio wanaonunua.

Mteja aliyeniandikia mwenyewe WhatsApp kuuliza bei, naye nimwombe ridhaa?

Kumjibu hakuhitaji ridhaa nyingine, amekuja na shida yake na unaishughulikia. Akiagiza, unahitaji namba na mahali pa kumpelekea, na hilo linaeleweka. Ugumu unaanza wiki tatu baadaye unapotaka kumtumia picha za mzigo mpya. Hapo kazi imebadilika.

Ninachofanya ni kumwuliza mwishoni mwa mazungumzo yale yale: "Nikuandikie mzigo mwingine ukifika?" Akijibu "ndiyo" au "sawa", ridhaa yako imeandikwa na ina tarehe. Kwenye WhatsApp ya biashara mwekee lebo ya MATANGAZO. Asiyejibu, hana lebo, hatumiwi. Kunyamaza si kukubali, hata kama posani tumezoea kusema vingine.

Niwaweke kwenye grupu, brodikasti au chaneli?

Hapa nina kovu langu. Nilipoanza kazi hii niliunda grupu la wateja wa duka fulani, nikawaingiza watu wapatao tisini jioni moja bila kuwauliza. Nilijiona mchapakazi. Sikufikiri kwamba kwenye grupu kila mtu anaiona namba ya kila mtu. Kesho yake dada mmoja alinipigia akilia kwa hasira: mwanaume ambaye dada huyo alikuwa amemkimbia, hata akabadilisha laini kwa ajili yake, alikuwa mteja wa duka lile lile. Alimwona kwenye grupu kwa picha yake, akaanza kumpigia usiku ule ule. Nililifuta grupu, lakini namba ilishatoka na haikurudi. Alibadilisha laini mara ya pili. Niliomba radhi, na mpaka leo sijui cha kuongeza juu ya hapo.

Kwa hiyo: grupu ni la watu wanaojuana au waliokubali kuonana, kama wanakikundi cha kuweka na kukopa. Kwa matangazo ya duka tumia brodikasti, ambako kila mtu anapokea peke yake inboksi. Ina mipaka miwili. Orodha moja haizidi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mipaka hiyo watu huilalamikia, ila ile ya pili ni mlinzi mzuri: asiyekuhifadhi pengine hakutaki.

Chaneli inafaa ukitaka watu waje wenyewe bila kukupa chochote. Wafuasi hawaonani namba, na hata wewe huzioni, isipokuwa za wale uliokuwa nao tayari kwenye simu yako. Kwa duka ambalo linataka tu kuonyesha mzigo, mimi siku hizi napendekeza chaneli kwanza. Taarifa usiyonayo haiibiwi.

Tunataka shindano la picha ya mtoto aliyependeza sikukuu. Kuna tatizo?

Kuna tatizo, na kubwa. Sheria yetu imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, pamoja na afya, dini, alama za mwili na nyinginezo. Taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi. Ile "mama yake si ndiye aliyetuma" haitoshi, kwa sababu huna hakika aliyetuma ni mama, jirani au shangazi wa mtoto. Na picha ya mtoto yenye jina, shule kwenye sare na namba ya mzazi chini yake ni ramani ya kumfikia.

Nilimshawishi mwenye duka mmoja abadili shindano liwe la picha ya vazi lenyewe, limevaliwa na mtu mzima au limetundikwa kwenye kamba. Lilipata watu wachache zaidi. Bado naona lilikuwa uamuzi sahihi.

Mteja akilipa, tunamwomba skrinishoti ya muamala. Hiyo nayo?

Watu wengi hawalijui hili: miamala ya fedha ya mtu nayo imo kwenye kundi lile lile la taarifa nyeti. Tena angalia ujumbe wa malipo unavyoandikwa. Mbali na kiasi alichokulipa, unaonyesha salio lililobaki. Mteja wa dagaa anakutumia skrinishoti ya 15,000, na wewe, kijana wako wa dukani, na yeyote atakayeshika simu ya duka, mnajua amebakiwa na laki nane.

Suluhisho ni jepesi. Omba namba ya kumbukumbu ya muamala tu, ilinganishe na ujumbe ulioingia kwenye simu yako. Na usiposti skrinishoti za wateja kama ushahidi kwamba duka linaaminika, hata ukipaka rangi juu ya jina. Nimeona rangi iliyopakwa kwa kalamu ya simu ikisomeka mtu akiongeza mwanga wa picha.

Wateja wetu wengine ni wa Kalemie na Bujumbura. Sheria ya Tanzania inawahusu?

Mkusanyaji ni wewe uliyeko Kigoma, kwa hiyo wajibu wako unabaki pale pale namba ikianza na +255, +243 au +257. Cha kuangalia ni lugha. Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa atakielewa Kiswahili cha fomu yako, lakini kwa wateja wa Burundi tulitafsiri ile aya kwa Kirundi, kwa kuwa mtu hawezi kukubali asichokielewa. Na kwa wateja wanaotoka kambini, usiombe kitambulisho cha ukimbizi wala sababu ya mtu kuwa hapa. Unauza kitenge.

Jirani yangu wa duka ameniomba orodha, yuko tayari kulipa.

Mkatalie. Waliokupa namba hawakumpa yeye. Kuzitoa au kuziuza taarifa za watu kinyume cha sheria ni kosa la jinai: kwa mtu binafsi faini ni kati ya shilingi 100,000 na 20,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na kampuni huanzia milioni moja na kwenda juu sana. Ukitaka kumsaidia jirani, tangaza bidhaa zake wewe mwenyewe kwa wateja wako mara moja, ukisema wazi ni za nani, nao wakipenda wamfuate.

Naweza kuipakia orodha Facebook ili matangazo yawafuate?

Kiufundi inawezekana, namba hubadilishwa kuwa msimbo kabla ya kulinganishwa. Lakini ni matumizi mapya, na taarifa zinatoka nje ya nchi. Kama fomu yako haikusema hivyo, usifanye.

Mtu akiandika ACHA, nifute namba yake kabisa?

Swali zuri, na jibu lake linawashangaza wengi. Sheria inampa mtu haki ya kukutaka uache kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara, na kuondoa ridhaa kusiwe kugumu kuliko kuitoa. Lakini ukifuta kila kitu, mwezi ujao kijana wako atainakili namba ile ile kutoka kwenye daftari la oda na kumwandikia tena. Kwa hiyo mtoe kwenye brodikasti, futa jina na mengine yote, bakiza namba peke yake kwenye karatasi ya WASITUMIWE, na kabla ya kila kutuma linganisha. Mjibu mara moja: "Tumekuondoa, asante." Usimwulize kwa nini.

Jedwali langu la waliokubali lina safu tano tu: namba, tarehe aliyokubali, alikotokea (fomu, WhatsApp au dukani), alichokubali, na tarehe ya kuacha. Safu ya nne ndiyo inayookoa siku mtu akisema hakukubali, kwani anayetakiwa kuthibitisha ni wewe.

Jambo la pembeni: namba isiyotumika hurudi sokoni na kupewa mtu mwingine. Mtu akijibu "mimi siye" usibishane naye, ridhaa ilikuwa ya mwenye laini wa zamani. Mwondoe.

Simu ya kukusanyia iwe ya nani?

Iwe ya duka. Hili ndilo linalovuja kuliko mengine yote, na halina uhusiano wowote na wadukuzi. Kijana anatumia simu yake mwenyewe kwa sababu ina bando na kamera nzuri. Wateja wanahifadhiwa kwenye akaunti yake ya Google. Miezi sita baadaye wanakosana kuhusu mshahara, anaondoka, anafungua kibanda chake upande wa Ujiji, na wateja wote wanapata ujumbe wa duka jipya. Mwenye duka anakuja kwangu kulalamika kwamba ameibiwa. Wateja ndio walioibiwa, yeye aliacha mlango wazi.

Nunua simu ya bei ndogo, laini kwa jina la mwenye duka au biashara, namba ya siri, na akaunti ya barua pepe ya duka. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp. Simu hailali kwa mfanyakazi.

Duka dogo kama langu lazima lijisajili Tume?

Sheria inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili, na cheti kinadumu miaka mitano. Haikusema "wakubwa tu". Usajili hufanyika kwa mfumo wa mtandaoni wa Tume, na ukiwa na leseni ya biashara na TIN tayari kwenye meza kazi inakuwa nyepesi. Nami ninayesimamia kurasa kwa niaba yako nina wajibu wangu kama mchakataji. Tuwe na makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yanayosema nashika nini na nitarudisha lini.

Simu ya duka imeibiwa na ina namba za wateja wote. Nianze wapi?

Anza na laini: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako ifungwe, kisha uirudishe kwa kitambulisho chako. Ingia WhatsApp kwa laini iliyorudishwa kwenye simu nyingine; kufanya hivyo kunamtoa mwizi. Badilisha nenosiri la barua pepe ya duka kutoka kwenye kompyuta, ondoa kifaa kilichoibiwa kwenye akaunti, kafungue taarifa polisi. Tume nayo inatakiwa kuarifiwa mapema iwezekanavyo taarifa za watu zinapovuja.

Halafu waandikie wateja. Watu huogopa hatua hii kwa aibu, na ndiyo inayozuia hasara. Ujumbe wa mama wa Kibirizi ulikuwa huu, na aliutuma siku ile ile saa kumi jioni: "Simu yangu ya biashara imeibiwa leo asubuhi. Mtu akikuandikia kwa jina langu kuomba pesa au oda ya malipo ya mbele, si mimi. Nitakupigia mwenyewe." Kisha akakaa na daftari lake na kuwapigia wateja wenye oda za wiki ile, mmoja mmoja, mpaka taarabu ya jirani ikazimwa.